Mshahara unakatwa kila mwezi, deni la Bodi halishuki. Hela inaenda wapi?

Chuma_Mboga:
Wakuu, tuambiane ukweli. Mwajiri anakata asilimia 15 bila huruma, slipu inaonyesha imekatwa, halafu ukivuta taarifa ya deni Bodi ya Mikopo (HESLB) unakuta miezi mitatu haipo. Ukimuuliza mhasibu anakwambia "tumeshapeleka". Ukiwauliza Bodi wanakwambia "muulize mwajiri". Mkatwaji amegeuzwa tarishi!

Chukua mshahara wa msingi wa 720,000. Makato ni 108,000 kwa mwezi. Deni likiwa 8,640,000 linatakiwa liishe kwa miezi 80, basi. Tangu Julai 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ilifutwa, kwa hiyo kila 108,000 inayofika inatakiwa ishushe deni kwa 108,000 kamili. Miezi mitatu ikipotea, salio lako liko juu kwa 324,000 ambazo umeshazilipa kwa jasho. Huo ni wizi, tusiupake rangi.

MtotoWaMwalimu:
Mkuu umekosea hesabu. Asilimia 15 inapigwa kwenye mshahara wote pamoja na posho. Na ile 6 bado ipo, ndiyo maana deni halishuki.

Karani Mstaafu:
Hapana ndugu yangu, ni mshahara wa msingi tu. Posho ya nyumba na usafiri haziguswi. Kama slipu yako inakata kwenye jumla, unakatwa zaidi ya inavyotakiwa, kamwambie mhasibu arekebishe. Kuhusu ile 6, unasema mambo ya zamani, ila hukosei kwamba iliumiza. Kwa mfano huohuo wa mleta uzi, mwaka mmoja makato ni 1,296,000, na asilimia 6 ya deni ilikuwa 518,400. Yaani katika kila shilingi 100 aliyokatwa, 40 ziliishia kwenye tozo. Wenye mshahara mdogo na deni kubwa walikuwa wanakatwa mwaka mzima na deni limesimama palepale.

Sasa mleta uzi, kabla ya kusema wizi, fanya hivi. Omba taarifa ya deni yenye kila malipo na mwezi wake, usikubali karatasi yenye salio tupu. Iweke pembeni ya slipu zako, pita mwezi kwa mwezi. Mwezi uliopita usiuhesabu: mwajiri anaruhusiwa kupeleka ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, na kuingizwa nako kunachukua muda.

Ukishajua miezi ipi ina pengo, muulize mwenzako wa ofisi hiyohiyo aangalie miezi hiyohiyo. Hapo ndipo jibu lilipo. Kama na yeye ana pengo, mwajiri hakupeleka. Kama yake imeingia na yako haimo, hela ilikwenda ila haikukufikia wewe. Mwajiri analipa kwa mkupuo mmoja na orodha ya wafanyakazi, na Bodi wanakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Tarakimu moja ikikosewa, au mwaka wa mtihani, au ukibadili jina baada ya ndoa, hela inakaa bila mwenyewe.

Dada wa Kitengo:
Mimi sijawahi kukatwa hata senti, nimejiajiri. Je, na mimi nitafute slipu?

Karani Mstaafu:
Wewe dada huna slipu. Omba namba ya malipo Bodi, ulipe mwenyewe, tunza risiti. Uzi huu ni wa wanaokatwa.

Chuma_Mboga:
Sawa mzee, nimekuelewa. Lakini kama mwajiri ndiye hakupeleka, kwa nini mimi nibebe pengo?

Karani Mstaafu:
Adhabu ya kuchelewesha ni ya mwajiri, si yako. Andika barua kwa Bodi, ambatanisha slipu za miezi ya pengo tu, taja namba ya kidato cha nne, na uombe hiyo miezi wamdai yeye. Nakala mpe mhasibu, akugongee muhuri wa kupokea. Bila muhuri atasema hajaiona. Na ukikaribia kumaliza, anza kufuatilia mapema barua ya kumaliza deni, maana mwajiri bila hiyo anaendelea kukata tu, na kurudishiwa kilichozidi ni safari nyingine.

MtotoWaMwalimu:
Haya, asilimia 6 ilifutwa. Na ile iliyokwishajazwa kwenye deni kabla ya 2021? Mbona bado imo kwenye taarifa yangu?

Chuma_Mboga:
Na yangu pia! Ilitakiwa iondoke yote.

Karani Mstaafu:
Hapo tutabishana mpaka kesho. Kufuta tozo kuanzia tarehe fulani ni jambo moja, kufuta iliyokwishajaa ni jingine. Muulizeni Bodi kwa maandishi, mlete jibu hapa.