Kumsogeza mtu ndani ya picha: ni kupanga fremu au ni kutunga tukio?

Mpigapicha wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Nilipiga picha ya uzinduzi wa bomba la maji kijijini. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama kando, mteja akaomba asogezwe karibu na mgeni rasmi ili picha ienee kwenye jarida lao. Nikamsogeza kwa Photoshop. Baadaye gazeti moja la huku likaichukua picha ile ile, na sasa wanakijiji wananiita mwongo. Sijaongeza mtu, sijafuta mtu, wote walikuwepo. Kusogeza tu nako ni udanganyifu?

Fundi wa Arusi

Kaka, mimi nasimama na wewe. Kama ungemwambia mzee "sogea hapa kidogo" kabla ya kubonyeza, nani angelalamika? Tunapanga watu kila Jumamosi: shangazi aje mbele, mrefu arudi nyuma. Tena ungeweza kupiga hatua mbili kushoto, na ile nafasi kati yao ingepungua yenyewe kwenye picha. Ulichofanya kwenye kompyuta ni hatua zile zile mbili, ila umezipiga ukiwa umeshafika nyumbani. Kufuta mtu ni kosa, hilo nakubali. Kubandika asiyekuwepo ni kosa. Kusogeza ni kupanga.

Mhariri Picha, Mombasa

Ndugu yangu wa Kihonda, kabla hatujafika kwenye udanganyifu, fungua faili la asili na lile ulilokabidhi, uyaweke ubavu kwa ubavu. Usimwangalie mwenyekiti. Angalia mahali alipokuwa amesimama mwanzo. Sasa hivi pale pana nini?

Nauliza kwa sababu kamera haikuona kilichokuwa nyuma ya mwili wake. Ukimwondoa pale linabaki tundu lenye umbo la mtu, na hakuna tabaka la chini linalongoja kufunuliwa. Chombo cha Content-Aware Move, ambacho kiliingia na Photoshop CS6 mwaka 2012, hulijaza tundu hilo kwa vipande vinavyookotwa sehemu nyingine za picha hiyo hiyo. Kinatafuta kipande kinachofanana na kingo za tundu, kinakibandika, kinalainisha maungio. Ile namba ya Structure, 1 hadi 7, inakiambia kishike kwa nguvu kiasi gani mistari na maumbo yaliyopo. Ile ya Color, 0 hadi 10, inakiambia kichanganye rangi kiasi gani. Hakuna namba inayokiambia nyuma ya mzee kulikuwa na nini, kwa kuwa hakijui, na wewe pia huenda hujui. Kwa hiyo neno "sijaongeza" uliweke kando kwanza. Umeongeza eneo zima la ukubwa wa mtu mzima.

Na Fundi wa Arusi, hoja yako ya hatua mbili ina wazee wake. Februari 1982 jarida la National Geographic lilitoa jalada la piramidi za Giza, picha ya Gordon Gahan. Picha ilikuwa ya kulala na jalada ni la kusimama, basi wakazisogeza piramidi zikakaribiana. Walipolaumiwa, utetezi wa mhariri wa wakati huo ulikuwa huo huo wako: ni kama mpigapicha angesogea kidogo pembeni. Lakini mbele ya piramidi zile kulikuwa na watu juu ya ngamia. Mpigapicha akipiga hatua mbili, ngamia walio karibu ndio wanaohama sana kwenye fremu, piramidi za mbali karibu hazitikisiki. Ili nafasi kati ya piramidi ibadilike vile, angetembea mbali sana mchangani, na akifika huko ngamia hawako tena pale walipo kwenye jalada. Picha ile haikuwa na mahali popote duniani ambapo mtu angesimama akaiona. Mwaka 2016 mhariri mkuu wa jarida hilo aliandika kwamba lawama zile zilistahili.

Ukipiga hatua mbili kushoto pale kijijini, ukuta, miti, watu na vivuli vyote vinahama pamoja nawe, kila kimoja kwa kipimo chake. Kwenye kompyuta kimehama kimoja, vingine vimeganda.

Dada wa Nyegezi

Samahani kama naingilia. Mimi si mpigapicha. Marehemu baba na mama wana picha moja tu waliyopiga pamoja, miaka ya themanini, baba yuko mwisho wa mstari na katikati wamesimama wajomba wawili. Mwaka jana nilimpelekea fundi wa studio, akamleta baba karibu na mama, tukaiweka sebuleni. Mama alilia alipoiona. Sasa nasoma hapa kwamba mzee wa Mombasa anasema ni uongo. Ina maana niishushe ukutani?

Mhariri Picha, Mombasa

Hapana, dada, iache ukutani. Mama yako anajua baba alisimama wapi siku ile, hakuna aliyedanganywa. Ila picha ya asili itunze, na nyuma ya fremu andika kwa kalamu kwamba ile imepangwa upya. Wajukuu wenu hawatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Dada wa Nyegezi

Ya asili fundi hakunirudishia. Nitamfuata kesho.

Mjumbe wa Maji

Mimi nimekaa kwenye kamati ya maji miaka sita, kata nyingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwenyekiti alisimama kando. Kwenye uzinduzi kila mtu anajua pa kusimama. Mwenyekiti anayekaa hatua tano mbali na mgeni rasmi, kwenye bomba la kijiji chake mwenyewe, amekaa pale kwa sababu. Pengine walitofautiana na mfadhili, pengine amegombana na kamati juu ya bei ya ndoo. Wanakijiji waliokuwepo waliiona ile nafasi na wakaielewa. Kisha gazeti linawaletea picha mzee amesimama bega kwa bega na wageni. Hizo hatua tano ndizo zilizokuwa habari ya siku ile, na ndizo zilizokatwa.

Fundi wa Arusi anasema ungeweza kumwambia "mzee sogea". Ni kweli ungeweza. Na mzee angeweza kukataa.

Mpigapicha wa Kihonda

Shikamoo mzee wa Mombasa. Nimefanya ulivyosema, na nimekaa nayo usiku mzima.

Nyuma yao kuna ukuta wa shule, matofali ya kuchoma, mabati juu. Kwenye faili la asili ukuta una madirisha matatu. Kwenye picha niliyokabidhi yako manne. Pale alipokuwa mwenyekiti programu imechukua dirisha la kati ikalibandika, hadi lile tofali lililomeguka kwenye kona ya kizingiti linaonekana mara mbili. Kijiji kizima kinajua shule yao ina madirisha mangapi upande ule, na mimi sikuyahesabu.

Kuna la pili. Nilipozungusha lasso niliacha nafasi kuzunguka mwili kama tunavyofundishwa, ili maungio yalainike. Ndani ya ile nafasi, usawa wa goti la mwenyekiti, kulikuwa na mkono umeshika mpini wa ndoo ya njano. Ni mama aliyekuwa amechuchumaa nyuma yake, anangoja maji. Mkono na nusu ya ndoo vimekwenda. Umebaki ukingo wa njano kwenye udongo, kama ganda la ndizi. Niliandika hapa kwamba sijafuta mtu, na niliamini ninavyoandika.

Kivuli nilikihamisha nikidhani nimekimaliza, lakini kilikuwa kirefu, ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Ncha ya kichwa imebaki pale pale chini, haina mwenyewe.

Fundi wa Arusi

Hayo ni makosa ya kazi, kaka, na kazi inarekebishika. Ukuta wenye madirisha huuachii programu peke yake. Unatengeneza ukuta kwanza kwenye leya yake kwa Clone Stamp, ukifuata mistari ya matofali, kisha ndipo unamrudisha mtu juu yake. Na je, ulimkuza? Kama alikuwa nyuma ya mstari wa wageni, ukimleta mbele lazima akue. Chukua usawa wa upeo wa macho kwenye picha, pima hadi kwenye nyayo. Kama nyayo za mgeni rasmi ziko pikseli 900 chini ya upeo na za mzee zilikuwa 750, ukimleta kwenye mstari ule mkuze kwa asilimia 120. Usipofanya hivyo anaonekana mfupi kuliko alivyo.

Mpigapicha wa Kihonda

Sikumkuza. Mjukuu wake ameniambia mzee alikasirishwa na hilo kuliko yote: "mmenifanya mtoto mbele ya wageni."

Mhariri Picha, Mombasa

Hapo ndipo mimi na Fundi tunaachana. Anachofundisha ni sahihi kabisa, na kwa arusi nampa mkono. Lakini picha ya habari ikirekebishwa vizuri namna hiyo ni mbaya kuliko hii yenye madirisha manne, kwa sababu hii angalau wanakijiji waliweza kuikamata. Januari 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpigapicha wake Narciso Contreras, mtu ambaye kazi yake ya Syria ilikuwa imeshinda tuzo ya Pulitzer pamoja na wenzake. Kwenye picha moja alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyokuwa pembeni kabisa chini, akajaza udongo. Kamera ile haikuwa na uzito wowote kwenye tukio, lakini AP walimwacha hivyo hivyo.

Fundi wa Arusi

Lakini huyu hakupiga kwa ajili ya gazeti! Alipiga kwa ajili ya jarida la mfadhili. Gazeti ndilo lililochukua bila kuuliza. Kwa nini abebe yeye?

Mjumbe wa Maji

Kwa sababu jarida la mfadhili nalo linasomwa na wanaotoa pesa. Nao wanaamini mwenyekiti aliungana na mradi.

Mpigapicha wa Kihonda

Nimempigia mteja leo asubuhi. Nimemwambia nitampa picha ya asili bila malipo, na kama bado anataka ile ya kusogeza, chini yake iandikwe kwamba mpangilio wa watu umebadilishwa. Amesema maneno hayo yataharibu ukurasa, bora aikate tu upande aliosimama mwenyekiti.

Akimkata mzee atoke kabisa kwenye fremu, hapo hakuna pikseli hata moja iliyotungwa. Mzee wa Mombasa, hiyo nayo unaipitisha?

Mhariri Picha, Mombasa

Kwa kanuni za magazeti mengi, kukata pembeni kunaruhusiwa. Mimi nisingeipitisha hii. Ila nikiulizwa kanuni ipi naivunja nikikubali, sina ya kukuonyesha.

Mjumbe wa Maji

Mwulizeni mwenyekiti.