Mkopo wa dola 9% au wa shilingi 17%? Kipato changu ni shilingi tupu

Mama Sangara: Wakuu, habari za kazi. Nanunua sangara Ukerewe na kuuzia kiwanda hapa Mwanza. Nataka gari la baridi, dola 20,000. Mkopeshaji mmoja ananipa dola kwa 9%, benki inanipa shilingi kwa 17%. Yote miaka 3, riba kwenye salio. Si bora 9%?

Kijana wa Igoma: Chukua dola dada. Sangara inaenda Ulaya, dola ikipanda na wewe unapanda nayo.

Mwalo Kirumba: Hapo umesema nusu. Dola inaingia kwa kiwanda, sisi tunalipwa shilingi kwa bei wanayopanga wao. Bei ya mwaloni huwa inapanda ikichelewa, pengine isipande kabisa.

Karani Mstaafu: Tufanye hesabu. Tuseme dola ni 2,500. Rejesho la dola ni 636 kwa mwezi, yaani 1,590,000. La shilingi kwa milioni 50 ni kama 1,783,000. Kwa hiyo unaanza na nafuu ya 193,000 kila mwezi. Nafuu hiyo inakwisha dola ikifika kama 2,800. Siyo mbali: mwishoni mwa 2022 ilikuwa kwenye 2,330, Oktoba 2024 ikapita 2,700. Kweli, kufika Desemba ilishuka tena hadi karibu 2,400, ndiyo maana hakuna wa kukuapia.

Wengi wanaangalia rejesho, wanasahau deni lenyewe. Baada ya mwaka utakuwa bado unadaiwa kama dola 13,900. Kwa 2,500 ni milioni 34.8, kwa 2,750 ni milioni 38.2. Hujakopa hata senti, deni limeongezeka zaidi ya milioni 3. Gari likipata ajali wiki hiyo, hilo ndilo utakalodaiwa.

Bi Nyakato: Mwanangu ananitumia dola kutoka nje, nibadilishe sasa au nisubiri?

Mwalo Kirumba: Mama, fungua uzi wako 😀

Dereva wa Sirari: Mimi 2023 nilikuwa na mkopo wa dola. Hela ya rejesho ninayo, dola benki hakuna! Foleni wiki nzima, mkopeshaji akanipiga faini ya kuchelewa. Na ukinunua, unanunua kwa bei ya benki ya kuuzia, siyo ile ya katikati unayoiona kwenye simu.

Mama Sangara: Aisee. Mkataba unasema naweza kugeuza deni kuwa shilingi wakati wowote. Hiyo si kinga?

Karani Mstaafu: Kwa kiwango cha siku ipi? Kama ni cha siku ya kugeuza, hasara ya nyuma unaibeba yote, na riba itakuwa ile ya shilingi ya siku hiyo. Tuwekee kipengele hapa. Halafu useme: ukitoa mafuta na barafu, safari mbovu kabisa inakubakizia ngapi?

Mama Sangara: Msimu mbaya? Kuna mwezi nabaki na milioni moja na laki nane hivi. Kipengele nakileta jioni.

Kijana wa Igoma: Mi bado naona 9%.