Bei ya barafu siku za giza na siku za mbalamwezi: naomba ushauri

DikoTanga: Wakuu, salaam. Nina mashine ya barafu hapa dikoni, inatoa mabonge 100 kwa siku. Siku za giza, kama 20 kwa mwezi, boti za taa zinashusha vibua. Alfajiri foleni inafika barabarani na wengine wanaondoka mikono mitupu. Ikiingia mbalamwezi boti zinalala. Siku hizo 10 nauza mabonge 30 tu, kwa wauza juisi. Umeme, maji na vibarua ni 1,500 kwa bonge. Mkopo na pango ni milioni 3 kwa mwezi, niuze nisiuze. Bei yangu ni 2,800 mwezi mzima na sioni faida. Nifanyeje?

MhasibuMstaafu: Milioni 3 gawa kwa mabonge 2,300 ya mwezi, ongeza 1,500. Inakuja 2,800 na kidogo. Bei iko sawa, kila mteja abebe mzigo sawa.

MamaLodge: Mimi msimu wa mvua nakata bei ya vyumba nusu na wageni hawaji. Usihangaike na bei, tafuta wateja.

FundiTarifa: Mhasibu amegawa vizuri, ila anamtwisha muuza juisi mzigo usio wake. Wauza juisi wakiondoka wote, ungetosheka na mashine ndogo? Hapana, ukubwa wake umeamuliwa na foleni ya alfajiri. Nafasi ya bonge moja kwa siku inakula 30,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 20 za giza, ni 1,500. Basi giza uza 3,000, mbalamwezi shuka hadi karibu na 1,500, usipite chini ya hapo.

MamaLodge ana hoja, lakini piga hesabu: hata asiongezeke mteja mmoja, unapoteza 390,000 mbalamwezi na kupata 400,000 giza. Akiongezeka yeyote, mashine haikai bure.

DikoTanga: Kuna mfanyabiashara wa samaki wa bara, kwa 1,500 anataka mabonge 90 kila siku ya mbalamwezi. Na wale 30 wa juisi!

FundiTarifa: Hapo mambo yamegeuka. Wanataka 120, mashine ni 100, kwa hiyo mbalamwezi nayo inagombania nafasi. Panda polepole mpaka wabaki 100. Tuseme ni 1,800: hiyo 300 ya ziada kwa siku 10 inalipa 3,000 katika ile 30,000, na giza inatosha 2,850.

MhasibuMstaafu: Nimekuelewa. Lakini foleni ya giza isipokwisha kwa bei hiyo?

FundiTarifa: Apandishe mpaka iishe. Bei ikikaa juu ya 2,850 miezi kadhaa na mabonge yote yanakwenda, hiyo ndiyo dalili ya kuongeza mashine. Foleni ya leo kwa 2,800 haitoshi kumpeleka benki.

DikoTanga: Manahodha ndio walionibeba nilipoanza. Nikiwapandishia alfajiri samaki wakiwa juani, wataniona nawakaba.

MamaLodge: Watangazie kabla mwezi haujaandama, bandika bei mlangoni.

FundiTarifa: Kutangaza kunasaidia. Ila kama wako tayari kulipa 3,500 na mashine ni yako peke yako, hilo la kuwakaba sina jibu lake.