Mjadala: Minsky na Papert waliua mitandao ya neva, au muuaji ni mwingine?

Mwanafunzi_Moro: Wakuu, mhadhiri wetu katuambia kitabu kimoja cha mwaka 1969 ndicho kilichoua utafiti wa mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa kuiga neva za ubongo, kwa miaka zaidi ya kumi. Kitabu kimoja tu? Inawezekana?

Kobe_Mwerevu: Inawezekana na ndivyo ilivyokuwa. Kitabu kinaitwa *Perceptrons*, waandishi ni Minsky na Papert wa MIT. Walithibitisha kwa hesabu kwamba mtandao wa neva hauwezi kujifunza hata XOR, yaani ama huyu ama yule, lakini si wote wawili. Wenye pesa wakasoma, wakafunga mfuko, kikaanza kipupwe, yaani miaka ya utafiti wa akili bandia kukosa fedha. Kesi imefungwa.

Bi_Hesabu: Mkuu, ifungue tena. Walichothibitisha ni kidogo kuliko hicho. Chukua taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini, moja juu. Ukibonyeza moja inawaka, ukibonyeza na ya pili inazimika. Hiyo ndiyo XOR, na wengi wetu tunaibonyeza kila usiku.

Sasa perseptroni, yaani neva ya bandia aliyoibuni mwanasaikolojia Rosenblatt, inafanya hivi: kila swichi ina uzito wake, uzito unajumlishwa, jumla ikivuka kizingiti taa inawaka. Tuseme kizingiti ni 1. Swichi ya chini peke yake lazima iwashe, kwa hiyo uzito wake uzidi 1. Ya juu vilevile. Zikibonyezwa zote mbili jumla itazidi 2, na sisi hapo tunataka taa izime. Umekwama. Pandisha kizingiti utakavyo, utakwama palepale, na ukikishusha chini ya sifuri taa itawaka hata pasipo mtu kugusa swichi.

Lakini weka neva mbili katikati. Ya kwanza inauliza "yupo hata mmoja?", ya pili inauliza "wapo wote wawili?". Ya mwisho inachukua jibu la kwanza na kuliondolea la pili. Taa inafanya kazi vizuri kabisa. Minsky na Papert walilijua hilo. Kilichokosekana ni namna ya kuzifundisha hizo neva za katikati. Taa ikikosea, lawama apewe nani kati ya waliokaa ndani? Kanuni ya Rosenblatt iliweza kurekebisha uzito unaoingia kwenye neva ya mwisho tu. Kuhusu tabaka nyingi, kitabu kilisema hisia ya waandishi ni kwamba hazitazaa matunda. Hisia, mkuu, si ithibati.

Kobe_Mwerevu: Nakubali hapo nilizidisha. Ila watu waliisoma hisia kama ithibati, kwa hiyo maiti ni ileile.

Fundi_Mifumo: Mimi neva sizijui, ila kipupwe nakijua. Niliwahi kuandikia chama kimoja cha kuweka na kukopa mfumo wa kanuni za kupitisha mikopo. Tulianza na kanuni 40, kila mtu akafurahi. Mwaka wa pili zilikuwa zaidi ya 300, na kila nilipoongeza ya mkulima wa msimu ikagongana na ya mfanyabiashara. Mwisho mkutano ukaamua karani arudi na daftari lake. Nani aliniua mimi? Si kitabu.

Mzee_wa_Kumbukumbu: Fundi, unadhani umetoka nje ya mada, kumbe umeingia ndani kabisa. Vipupwe vilikuwa viwili, na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni cha miaka ya 1970, na kiliwapiga zaidi watu wa mantiki na alama, hao hao waliodhaniwa wamewashinda watu wa neva. Mwaka 1973 mwanahisabati Lighthill aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyosababisha vyuo vingi kukatiwa pesa. Shutuma yake kuu haikuwa XOR, ilikuwa mlipuko wa njia. Programu inayotafuta jibu ikiwa na chaguo 10 kila hatua, baada ya hatua 6 ina njia milioni moja, na baada ya 12 ni milioni mara milioni. Mifano ya maabara ilikuwa ya hatua chache, ndiyo maana ilipendeza. Marekani nako, fedha za tafsiri ya mashine zilikuwa zimekatwa baada ya ripoti ya kamati ya ALPAC ya 1966, miaka mitatu kabla ya kitabu chenu.

Cha pili ni cha mwisho wa miaka ya 1980, na hicho ndicho cha Fundi. Kampuni ya DEC ilikuwa na XCON, mfumo wa kanuni uliopanga vipuri vya kompyuta kwa kila oda. Ulifanya kazi kweli na kuokoa pesa. Kisha kanuni zikafika maelfu, na kila mashine mpya ikitoka, kanuni zinabidi ziguswe upya. Waliouiga bila wataalamu wa DEC waliishia kwenye daftari la karani.

Mwanafunzi_Moro: Kwa hiyo kitabu hakina hatia?

Mzee_wa_Kumbukumbu: Kina hatia ndogo, na marehemu mwenyewe alichangia. Julai 1958 jeshi la wanamaji la Marekani lilionyesha kazi ya Rosenblatt, na gazeti la New York Times likaandika kwamba siku moja mashine hiyo itatembea, itaongea, itaona na kujizalisha. Siku hiyo ilichofanya ni hiki: kompyuta ya IBM 704, baada ya majaribio 50, ilitofautisha kadi zenye alama kushoto na zenye alama kulia. Ukiahidi harusi ya namna hiyo, wageni watakuja na njaa.

Bi_Hesabu: Na jibu la swali la lawama lilipopatikana halikuwa gumu. Neva ya zamani iliruka ghafla kutoka 0 kwenda 1, kwa hiyo ukigusa uzito kidogo huoni badiliko lolote. Badili mruko uwe mteremko laini, na kila uzito utaonyesha umeongeza kosa kiasi gani. Kosa unalirudisha nyuma tabaka kwa tabaka. Werbos aliandika wazo hilo kwenye tasnifu yake 1974. Rumelhart, Hinton na Williams wakalifanya lisikike 1986.

Kobe_Mwerevu: Ndipo narudi kwenye hoja yangu. Hesabu ya sekondari ya juu, na imesubiri miaka 17! Kama watu wasingetishwa, mngekuwa na haya yote mapema.

Mzee_wa_Kumbukumbu: Kwenye kompyuta ipi? LeCun na wenzake 1989 walifundisha mtandao kusoma tarakimu za bahasha za posta, picha 7,291 tu, na mashine ya Sun ikachukua siku 3. AlexNet, mtandao wa neva wa 2012 wa kutambua picha, ilihitaji picha milioni 1.2 zilizokwisha kuwekewa majina, pamoja na kadi mbili za kuchezea gemu zilizofanya kazi siku 5 hadi 6. Kwenye mashindano ya kutambua picha makosa yakashuka hadi asilimia 15.3 wakati aliyefuata alikuwa na 26.2. Wazo la msingi lilikuwa la zamani. Picha na kadi ndizo hazikuwepo.

Kobe_Mwerevu: Bahasha za 1989 zilisomwa bila kadi za gemu, mzee. Hapo katikati kuna miaka ambayo bado hujaniambia nani kaiba.

Bi_Hesabu: Hapo nipo na Kobe nusu. Rosenblatt alikufa ajali ya boti 1971, siku aliyotimiza miaka 43. Baada yake ni nani angeenda kugonga mlango wa wanamaji?

Fundi_Mifumo: Kuna mtu anajua kanuni 300 zinapunguzwaje? Chama kimenipigia tena jana.