Bani ya siku 7 imegeuka ya milele kwenye seva nyingine: hii orodha ya pamoja anaisimamia nani?

Kifaru_Bluu (mleta uzi)

Wakuu, nimefungua tiketi hadi nimechoka na hakuna anayejibu, kwa hiyo naleta hadharani.

Ijumaa tarehe 7 Machi 2025 modereta wa zamu ya usiku kwenye seva yetu ya Minecraft, ile ya kujenga, alinifungia siku 7 kwa kurushiana maneno kwenye chati. Hiyo sibishani nayo. Nilikaa nje mpaka muda ukaisha, tarehe 14 usiku nikaingia bila tatizo. Nikataka kuhamia seva ya mapambano: nimefungiwa. Seva ya visiwa: nimefungiwa. Kote huko sijamgombeza mtu yeyote.

Tazameni na ujumbe wenyewe. Wiki ile nilipojaribu kuingia seva ya kujenga, chini ya sababu palikuwa na mstari unaoanza `Your ban will be removed on`, kisha tarehe. Kwenye hizi mbili mstari huo haupo. Msimamizi mmoja wa mapambano, muungwana kweli, alinitolea kilichoandikwa juu yangu kwenye `banned-players.json`. Hiki ni cha seva ya kujenga:

```
"created": "2025-03-07 21:14:09 +0000",
"source": "zamu_usiku",
"expires": "2025-03-14 21:14:09 +0000",
"reason": "matusi kwenye chati"
```

Na hiki ni cha mapambano:

```
"created": "2025-03-08 03:00:02 +0000",
"source": "Server",
"expires": "forever",
"reason": "orodha ya pamoja"
```

Saa 9 kamili usiku kwa saa za seva, skripti imeamka, imeona jina langu, imenifungia milele. Hakuna binadamu aliyeamua hivyo! Adhabu niliyopewa na mtu ilikuwa wiki moja.

Haijaishia hapo. Yule msimamizi aliniondolea bani kwa `/pardon`, nikacheza jioni nzima. Kesho yake asubuhi nimefungiwa tena, "orodha ya pamoja" ileile, muda uleule wa usiku.

Halafu katikati ya ile wiki mdogo wangu aliingia na akaunti yake, ambayo anayo tangu zamani, wakamfungia naye kwa sababu eti ni akaunti yangu ya pili ya kukwepea bani. Tunakaa nyumba moja, ruta moja! Mlitaka tutoke na anwani ya IP tofauti tofauti?

Nataka jibu la mtu anayeshika hiyo skripti. Sitaki "fungua tiketi".

Tumbili77

Pole mkuu, ila hili lina dawa rahisi. Waache kufungia majina, wapige `/ban-ip` kwa kila anayeleta fujo. Akaunti za pili zote zinakufa palepale.

Ndege_Mpole

Mimi pia nimeonewa! Nimefungiwa seva ya visiwa na SIJAWAHI kuingia huko. Hata mara moja. Mwandikieni Mojang anifungulie.

mzee_wa_logi

Ndege_Mpole, bani ya seva haiko mikononi mwa Mojang, iko mikononi mwa mwenye seva. Kesi yako nitairudia, maana inahusiana na hii.

Tumbili, fikra yako inafanya kazi pale tu ambapo kila nyumba ina IP yake isiyobadilika. Wanaotumia data ya simu wengi wanatoka kwenye IP moja ya mtandao wao, wageni kwa wageni. Ukiifunga, umewafungia hao wote. Mkorofi mwenyewe anazima data na kuwasha, anapata IP nyingine, anarudi akicheka. Niliwahi kuona seva ikipoteza wachezaji wengi wa jioni namna hiyo, na waliokuwa wakifungua tiketi ni wasiohusika.

Sasa kwako Kifaru. Umepatwa na mambo matatu tofauti, tusiyachanganye.

La kwanza, amri ya `/ban` ya Minecraft yenyewe haina muda. Muda unaletwa na plagini, mfano `/tempban` ya EssentialsX. Skripti yenu inasoma jina tu kutoka seva moja na kuiagiza seva ya pili `/ban`. Tarehe ya mwisho inabaki ilikotoka. Kilichotakiwa ni kupiga hesabu ya muda uliobaki: kutoka tarehe 8 saa 9 usiku hadi tarehe 14 saa 3 na dakika 14 usiku ni siku 6, saa 18 na dakika 14. Amri ingekuwa hivi:

```
/tempban Kifaru_Bluu 6d18h14m orodha ya pamoja
```

Wasinakili `7d` vilevile, kwa sababu kila seva itakayopokea itaanza kuhesabu wiki upya.

La pili ni bani iliyofufuka, na hili ndilo baya zaidi. Msimamizi wa mapambano alikuondoa kwake, lakini kwenye visiwa bado ulikuwemo, umeandikwa `forever`. Usiku ule skripti ya mapambano ilisoma orodha ya visiwa, ikakukuta, ikakurudisha. Seva mbili zinarushiana nakala ya bani ambayo iliyoianzisha imeshaifuta. Hata visiwa wakikufungulia kesho mchana bila mapambano kufanya hivyo siku hiyohiyo, utarudi. Dawa yake ni kila seva kutoa kwenye orodha zile bani tu zilizopigwa na modereta wake. Sehemu ya `source` inaonyesha: yako ya asili inasema `zamu_usiku`, nakala zote zinasema `Server`. Nakala isizae nakala. Na chanzo kikifuta, waliopokea nao wafute. Skripti yenu inajua kuongeza tu.

La mdogo wako nitaandika baadaye, niko kazini.

Admini_Visiwa

Nimesoma yote. Naomba nanyi mtuelewe. Kabla ya orodha ya pamoja, mtu alikuwa anafungiwa kujenga saa 2 usiku, saa 2 na nusu yuko kwetu anavunja nyumba za watu. Tulikuwa tunahangaika naye upya kila mahali. Orodha ilipunguza hilo, na mimi sikubali iondolewe.

Kuhusu mdogo wake: mkuu, kila anayekamatwa na akaunti ya pili ana mdogo wake. Kila mmoja.

Kifaru_Bluu

Na wenye wadogo kweli wafanyeje? Walete cheti cha kuzaliwa? Sijasema ondoeni orodha. Nasema imebadilisha adhabu yangu na hakuna aliyeangalia.

mzee_wa_logi

Cheti hakihitajiki, logi zipo. Admini, IP kufanana ni sababu ya kuangalia, haitoshi kuhukumu. Fungua folda ya `logs`, tafuta mistari ya `logged in with entity id`, kila mmoja una jina, IP na saa. Jiulize mambo mawili. Akaunti hii ilionekana lini mara ya kwanza? Iliyozaliwa dakika 20 baada ya bani, ikaenda moja kwa moja kwenye kambi ya aliyefungiwa, hiyo ni ya kukwepea. Iliyokuwepo miezi mingi kabla ni habari nyingine. Pili, je, akaunti zote mbili zimewahi kuwa ndani kwa wakati mmoja, sehemu tofauti, zote zikiandika kwenye chati? Mtu mmoja anaweza kufungua michezo miwili kwenye kompyuta moja, lakini kujenga huku na kupigana kule jioni baada ya jioni kunamshinda.

Haya mawili hayatakupa uhakika wote. Mdogo anaweza kumwazima kaka yake akaunti kwa wiki moja, na hapo logi hazioni aliyeshika kipanya. Lakini yanawaondoa wengi wasio na hatia.

Ndege_Mpole, uliahidiwa. Kwenye ile bani, UUID yake ina makundi matano. Kundi la tatu linaanza na tarakimu gani?

Ndege_Mpole

Inaanza na 4. Ndiyo yangu kweli, nimelinganisha. Ila jina lililoandikwa kwenye sababu ni "kambi ya mazoezi" na hiyo kambi siijui.

mzee_wa_logi

Nilidhani hivyo. Ile seva ya mazoezi inaendeshwa na `online-mode=false`, hivyo mtu yeyote anaingia kwa jina lolote analotaka, na UUID inatengenezwa kutokana na jina. Kundi la tatu huko huanza na 3. Ina maana kuna mtu alijiita Ndege_Mpole, akafanya fujo, akafungiwa. Skripti ikabeba jina peke yake hadi visiwa ambako akaunti zinathibitishwa, ikaandika `/ban Ndege_Mpole`. Seva ya visiwa ikauliza mwenye jina hilo ni nani, ikajibiwa kuwa ni wewe, na UUID yako ikafungwa.

Kwa hiyo orodha ibebe UUID, na seva ya aina hiyo isichangie bani kabisa. Hata kati ya seva zinazothibitisha akaunti jina si salama, maana linaweza kubadilishwa kila baada ya siku 30, na baadaye mtu mwingine akalichukua.

Tumbili77

Sawa, nimekuelewa kuhusu IP. Lakini basi aliyefungiwa siku 7 akikamatwa kweli na akaunti ya pili, afanywe nini? Mimi nasema milele, zote mbili.

Admini_Visiwa

Nami nasema milele. Amedharau adhabu.

mzee_wa_logi

Mimi ningefunga akaunti ya pili moja kwa moja na kuanza upya zile siku 7 za ya kwanza. Ukimpa milele kwa kosa la wiki moja, akaunti ya tatu ndiyo njia pekee uliyomwachia. Lakini ninyi ndio wenye seva.

Admini_Visiwa

Hapo hatutakubaliana leo. Nimemwondoa Kifaru na Ndege_Mpole, nimeongea na mapambano wamewaondoa muda huuhuu, na usiku wa leo skripti nimeizima kwetu. Akaunti ya mdogo wake nitaangalia logi kesho.

Kifaru_Bluu

Nashukuru kwa hilo, lakini sifungi uzi. Kwenye faili zenu wapo wangapi kama mimi, `source` ni `Server`, `expires` ni `forever`, saa 9 usiku? Wengi wao walishahama wakidhani wamefukuzwa kabisa. Zichukueni bani hizo zote, kila moja muilinganishe na ilikotoka, na ambazo huko zimeisha muda mzifute kabla skripti haijawashwa tena. Kesho jioni nitauliza hapahapa mmefika wapi.