Mrejesho: ngalawa ya 2D au ya 3D?

Swali langu lilikuwa: "Ndiyo kwanza naanza. Nataka gemu ndogo ya simu, mbio za ngalawa. Nichore 2D au nijifunze 3D?"

Asalaam alaykum wakuu. Nimechagua 2D, lakini ilinitoa jasho. Ngalawa inageuka pande 8, na kila upande tanga linapepea kwa picha 6, yaani picha 48. Nikakwama kwenye ya 11, maana nikibadili rangi ya tanga narudi mwanzo.

Kaka mmoja hapa Wete akaniambia niache kuchora pande za kushoto. Ngalawa ina ndubi huku na huku, basi picha ya kulia ikipinduliwa inatosha. Pande 8 zikawa 5, picha 30. (Foromali inaruka upande wa pili wa mlingoti, ila mvuvi tu ndiye atakayeliona hilo!) Kila picha ni pikseli 256 kwa 256, zote zinakula kama megabaiti 7.5 za kumbukumbu.

Ningetaka kamera izunguke ngalawa, ningehamia 3D: modeli moja, pembe zote. Mawimbi bado yananisumbua, yanashtuka pale picha ya mwisho inapoungana na ya kwanza.