Naomba ushauri: somo la kubadilisha mandharinyuma, nianze na kukata au na mwanga?

Habari za leo wakuu. Hapa mtaani kwetu Mbeya nafundisha vijana 12 kuunganisha picha kila Jumamosi saa mbili, kwa kompyuta tano zenye GIMP.

Mpango wangu ulianza na kukata. Tulikataza kifutio, tukatumia Add Layer Mask: ukipaka nyeusi sehemu inafichika, ukipaka nyeupe inarudi, kwa hiyo kosa halikuharibii picha. Hilo wamelishika vizuri. Kingo zikibaki na mstari wa rangi ya ukuta wa zamani, kabla ya kuweka maski tunapunguza uteuzi kwa pikseli 2 kwa Select > Shrink, kisha Feather kidogo.

Shida ikaja kwenye zoezi lenyewe. Binti mmoja alipigwa picha Mwanjelwa jua la mchana, kivuli kikali chini ya pua na kidevu, tukamweka kando ya Ziwa Ngosi siku ya ukungu. Alikatwa safi kabisa, lakini anaonekana kabandikwa. Kivuli cha miguuni tulikichora kwenye leya ya Multiply tukakififisha. Cha usoni hakitoki, na kukipaka rangi kunaharibu ngozi.

Sasa nafikiria somo la kwanza liwe nje bila kompyuta: wapigane picha kivulini, kimo cha kamera kikilingana na cha mandhari. Ila naogopa watachoka kabla ya kugusa kompyuta. Waliowahi kufundisha, mlipangaje?